Lenzi za rangi, ngozi yako na simu iliyo karibu: mwongozo wa picha ya macho kutoka Goma

Mtu aliyevaa lenzi za kijivu akikaa ng'ambo ya meza anaweza kukufanya uamini kwamba ndiyo macho aliyozaliwa nayo. Sogeza simu hadi uso wake ujaze kioo, na mambo yanageuka. Nukta za rangi zinaonekana mojamoja, mviringo wa kahawia unachungulia kandokando ya mboni, na weupe wa jicho ambao dakika moja iliyopita ulikuwa safi sasa una umanjano. Lenzi ni ileile, ila umbali umepungua.

Wanaokuja kupigwa picha ya uso hapa Goma mara nyingi wamechagua lenzi kwa kutazama picha iliyo juu ya kisanduku. Jicho la kwenye kisanduku kwa kawaida lilikuwa jepesi tangu mwanzo, ngozi yake ni nyeupe, na mwanga umepangwa na mtu anayelipwa kuupanga. Mwongozo huu ni wa mwenye jicho la kahawia iliyokolea, yaani karibu sisi sote, anayetaka picha ya karibu ambamo kila ukope unahesabika. Msimamo wangu ni mmoja, na mengine yote yanautegemea: kabla ya kuuliza lenzi ni ya rangi gani, uliza ni nyepesi au nzito kiasi gani, yaani ina weupe au giza kiasi gani, ukiilinganisha na ngozi itakayokuwa kando yake.

Kwanza, lijue jicho lako likiwa tupu

Piga picha moja bila lenzi wala wanja, ukiwa umeelekea dirisha, kisha uikuze. Katikati kuna mboni, tundu jeusi ambalo hupanuka gizani na kubana juani. Kuizunguka kuna duara la rangi, upana wake wote ukiwa karibu milimita 12. Rangi hiyo hutokana na melanini, ileile inayotia ngozi rangi. Jicho la kahawia lina melanini nyingi inayomeza mwanga. Jicho la bluu halina rangi ya bluu yoyote ndani yake: lina melanini kidogo sana mbele, na nyuzi zake hutawanya mwanga kwa namna inayorudisha bluu zaidi.

Hili lina faida ya vitendo. Lenzi zenye rangi laini inayopitisha mwanga, zile za kukoleza tu, zimetengenezwa kwa macho mepesi. Juu ya jicho la kahawia nzito hutaona kitu. Ule ubluu hafifu wa lenzi nyingi za kawaida nao umewekwa ili uione lenzi ndani ya kikopo chake, haugeuzi jicho. Ili jicho letu libadilike, lenzi lazima iwe na rangi isiyopitisha mwanga, na rangi hiyo huchapwa kwa nukta nyinginyingi ndogo.

Nukta hizo ndizo chanzo cha shida ya picha ya karibu. Kati ya nukta na nukta kuna nafasi, na kwenye nafasi hizo unaonekana ukahawia wako mwenyewe. Kwa mbali macho ya mtazamaji huzichanganya nukta na nafasi kuwa rangi moja. Kwa karibu hazichanganyiki tena. Nukta za asali au hazeli, yaani kahawia yenye ukijani, zikikaa juu ya kahawia hazigombani nayo, kwa sababu ni jamaa moja, hivyo hata zikionekana mtu hudhani ni nyuzi za asili za jicho. Nukta za kijivu cheupe au bluu ya barafu juu ya kahawia nzito zinaonekana kama chapa juu ya kitambaa.

Lenzi ina sehemu tatu za kukaguliwa

Kabla ya kununua, itazame lenzi ndani ya kikopo chake, juu ya karatasi nyeupe. Anza ukingoni. Baadhi zina mviringo mweusi au wa kahawia nzito unaoizunguka rangi, nyingine hazina. Halafu tazama mwili wa rangi: je, ni rangi moja iliyopakwa sawasawa, au zimechanganywa mbili tatu, na ile ya ndani ina umanjano au ukahawia? Mwisho tazama dirisha la katikati lisilo na rangi, ambalo mboni hutazamia. Lenzi ambayo ukingo wa dirisha hilo umekatwa kwa mstari mkali itakusaliti kwenye picha. Nzuri ni ile ambayo rangi inafifia ikielekea ndani kwa michirizi isiyolingana.

Kwenye kisanduku soma alama `DIA`, ambayo ni upana wa lenzi nzima, mara nyingi kati ya milimita 14.0 na 14.5, na `BC`, ambayo ni mpindo wake, mara nyingi karibu 8.6. Upana wa sehemu yenye rangi ni jambo jingine na si kila kisanduku huuonyesha. Ukikaribia milimita 14, jicho linakuwa la mwanasesere, na kwa karibu weupe wa pembeni unabaki kidogo mno. Mimi sipendi hata siku moja, lakini wapo wanaoutaka muonekano huo.

Namba hizo zinapaswa kulingana na jicho lako hata kama lenzi ni ya urembo tu na `PWR` yake, yaani nguvu ya kurekebisha uoni, ni 0.00. Mpindo usiofaa hubana konea, utando angavu wa mbele ya jicho, au huifanya lenzi icheze, na lenzi inayocheza utaiona pichani: dirisha la katikati linakaa upande mmoja wa mboni kama kofia iliyoteleza. Mtaalamu wa macho akupime kwanza. Usinunue iliyofunguliwa, na usivae ya mtu mwingine, hata ya ndugu yako wa tumbo moja.

Kupima ngozi: uzito kwanza, kisha joto

Mbinu ya kutazama mishipa ya mkono kama ni ya kijani au ya bluu, ambayo inazunguka sana mtandaoni, iache. Kwenye ngozi nzito mishipa haionekani vizuri, na ikionekana haikuambii kitu cha kutegemea.

Simama mlangoni mchana, kivulini, na uweke kitambaa cheupe kwenye bega. Piga picha ya shavu, shingo na kitambaa pamoja, kisha ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe ndani ya simu. Sasa hakuna rangi ya kukupoteza. Kuna weusi na weupe tu. Hapo utaona uzito wa ngozi yako: iko karibu na nyusi zako, au iko katikati, au inakaribia kitambaa. Picha hiyohiyo itakuonyesha pia kama uso umekuwa mweupe kuliko shingo kwa sababu ya poda au krimu za kujichubua. Ikiwa ndivyo, chagua lenzi kwa ngozi itakayoonekana ndani ya picha, maana kwenye picha ya karibu sana shingo huenda isiwemo kabisa.

Ukirudi kwenye picha ya rangi, tazama kama kahawia yako inaelekea wekundu, udhahabu, au weusi usio na joto. Usikae sana hapa. Kwa macho, kosa la uzito huonekana mara moja. Kosa la joto watu wengi hawalioni.

Rangi gani juu ya ngozi gani

Kwenye ngozi nyeusi iliyokolea, kitu cheupe zaidi usoni ni weupe wa jicho na meno. Duara la rangi likiwa la giza, weupe huo unang'aa na jicho linakuwa na nguvu. Weka hapo lenzi ya kijivu cheupe isiyo na ukingo mweusi, na duara linakaribia weupe wa jicho. Mpaka kati yao unapotea, inabaki nukta nyeusi ya mboni inayoelea kwenye uwazi, na mtazamaji anashtuka bila kujua kwa nini. Kinachotibu ni ukingo mzito unaorudisha mpaka, au rangi yenyewe kuwa nzito: asali iliyokolea, hazeli nzito, kijani cha zaituni, kijivu cha moshi. Kwa picha ya karibu sana mimi huanza na hazeli nzito.

Kuna ujanja mwingine wa macho hapa. Rangi hubadilika kwa kukaa kando ya rangi nyingine. Mkemia Mfaransa Chevreul alilieleza jambo hilo mwaka 1839 baada ya kuchunguza nyuzi zilizotiwa rangi. Ngozi za binadamu, nyepesi na nzito, zote ziko upande wa rangi ya chungwa. Kijivu kikikaa katikati ya rangi hiyo husukumwa kuelekea bluu. Ndiyo maana lenzi iliyoandikwa kijivu inaonekana ya bluu usoni, hasa kwenye ngozi yenye wekundu. Ukitaka kijivu kinachobaki kijivu, tafuta chenye michirizi ya kahawia au manjano upande wa ndani.

Kwenye ngozi ya kahawia ya katikati uwanja ni mpana. Asali na hazeli hukaa kwa utulivu, kijani cha zaituni hupendeza zaidi palipo na wekundu, na kijivu cha wastani chenye ukingo hupita bila matatizo. Hapa cha kuogopa ni lenzi ya asali yenye uzito uleule wa shavu. Ukiigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe unakuta jicho na ngozi ni kitu kimoja, na macho yanaonekana yamelala. Ukingo mweusi au wanja uliokolea kwenye mstari wa kope unatosha kuliamsha.

Ngozi ya kahawia nyepesi inavumilia kijivu na kijani nyepesi, kwa sababu pengo la uzito kati ya lenzi na shavu ni dogo. Bluu kali inabaki ngumu kwa ngozi zote tatu mbele ya simu iliyo karibu, na sababu ni zile nafasi za kahawia kati ya nukta.

Usisahau weupe wa jicho wenyewe. Kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi una madoa au ukungu hafifu wa kahawia, na hilo ni jambo la asili. Jua na vumbi navyo huacha uvimbe mdogo wa manjano upande wa pua. Bluu na kijivu baridi huufanya umanjano huo uonekane zaidi. Hazeli na asali huuficha. Kama weupe wote umekuwa wa manjano ghafla, huyo ni wa kwenda kwa daktari, picha isubiri.

Mwanga wa Goma na ardhi nyeusi

Lubumbashi ardhi ni nyekundu, na jua likipiga chini linarudisha wekundu usoni. Kwetu mitaa mingi imekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe meusi hayarudishi karibu chochote. Mwanga unatoka juu, unagonga nyusi, na macho yanabaki ndani ya kivuli. Mchana, jua likiwa juu ya utosi kama linavyokuwa karibu na ikweta, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Na kuna sababu ya pili inayohusu lenzi moja kwa moja: kwenye jua kali mboni hubana hadi milimita 2 au 3, lakini dirisha la lenzi halibani. Ukahawia wako unajitokeza kama pete kati ya mboni na rangi. Ndani ya chumba chenye giza mboni inapanuka kupita dirisha, na rangi inaonekana kuingia juu yake. Unachotafuta ni mwanga wa wastani, ambao mboni inalijaza dirisha.

Mkalishe mtu ndani ya mlango ulio wazi au kando ya dirisha kubwa lisilopigwa na jua, hatua moja hivi kutoka kizingitini, kama saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Uso uelekee nje kwa mshazari. Mwekee shuka jeupe juu ya mapaja, lipande hadi kifuani lakini lisiingie kwenye picha. Shuka hilo ndilo litakalofanya kazi ambayo ardhi yetu haiifanyi: kutuma mwanga juu, chini ya nyusi, hadi kwenye lenzi. Ondoa turubai la bluu na ukuta uliopakwa kijani kibichi kando yake, maana rangi hizo hupanda shavuni na utailaumu lenzi bure.

Taa ya duara ninaitumia usiku tu. Pete yake inaakisiwa katikati ya jicho, inakaa juu ya nukta za lenzi, na rangi uliyoilipia faranga nyingi inafunikwa. Ukilazimika, ipandishe juu na uipeleke pembeni hadi mng'aro uhamie sehemu ya juu ya duara la rangi.

Simu usiisogeze hadi puani. Kwa karibu sana pua inavimba na masikio yanakimbia nyuma. Kaa mbali kiasi cha mkono mmoja au zaidi, kisha tumia `2x`. Zima urembeshaji wa uso, kwa kuwa unalainisha ngozi na kuzipaka nukta za lenzi kama matope. Gusa jicho lililo karibu nawe, shikilia hadi simu ifunge umakini, halafu teremsha mwanga kidogo. Kama simu yako inaonyesha namba, kati ya `-0.3` na `-0.7` inatosha mara nyingi. Simu ikiona ngozi nyeusi imejaza kioo hudhani kuna giza na huongeza mwanga. Ngozi inakuwa ya majivu, na lenzi na weupe wa jicho vinaungua pamoja.

Ndugu wawili, kisanduku cha rangi moja

Dada wawili wa hapa mjini walitaka picha ya ukumbusho kabla ya ndoa ya mkubwa. Kila mmoja alikuwa na jozi yake, zote kijivu cheupe, `DIA` 14.2, bila ukingo. Mkubwa ni kahawia nyepesi yenye udhahabu. Mdogo ni mweusi aliyekolea mwenye wekundu kidogo. Mlangoni, kwa mwanga uleule, picha ya mkubwa ilitulia. Mdogo alipoiona yake alirudisha simu haraka.

"Yaya, mimi hizi zinanitisha."

"Ni zilezile zangu, tazama kisanduku," mkubwa akamjibu.

Picha ya nyeusi na nyeupe ilimaliza ubishi. Kwa mkubwa, shavu na lenzi zilikuwa jirani. Kwa mdogo, lenzi ilikuwa imeungana na weupe wa jicho, na shavu lilikuwa mbali chini. Kuteremsha mwanga hadi `-0.7` kulirudisha ngozi yake na kupunguza kidogo ule ubluu, lakini mpaka wa duara haukurudi, kwa sababu haukuwepo kwenye lenzi. Siku nyingine alikuja na jozi mbili mpya zilizopimwa, kijivu cha moshi chenye ukingo na hazeli nzito. Cha moshi kilirudisha umbo la jicho, ila nukta bado zilihesabika picha ilipokuzwa. Hazeli ilishinda kwa karibu: nukta zilizama kwenye kahawia, na weupe wa jicho ukang'aa.

Lakini hazeli hiyohiyo, mtu akiwa hatua tano mbali na kitenge chake chote kikionekana, haikuonekana kabisa. Huo ndio mpaka wa kazi hii: lenzi inayovumilia kukaribiwa hupotea kwa mbali, na inayoonekana kwa mbali hufichuka kwa karibu. Mdogo alichagua hazeli kwa picha ya uso na akavaa cha moshi siku ya sherehe.

Usafi, kwa mpangilio

Lenzi huvaliwa kabla ya poda na wanja, na hutolewa kabla ya kunawa uso. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Lenzi ioshwe na kulazwa kwenye dawa yake tu, mpya kila mara. Maji ya bomba, ya Ziwa Kivu, ya chupa na mate yote hayafai. Majini huishi vijidudu vinavyoweza kuila konea. Kikopo kibadilishwe angalau kila miezi mitatu. Usilale nazo. Jicho likiuma, likiwa jekundu, likichukia mwanga au likiona ukungu, toa lenzi palepale na uende kliniki ya macho ukiwa nayo mkononi.

Kuikagua picha na kuichapa

Kuza picha hadi jicho moja lijaze kioo. Tazama ukingo wa nje: unaonekana au umeyeyuka? Tazama pete ya ndani: ukiona kahawia, mwanga ulikuwa mkali, sogea ndani ya nyumba. Linganisha macho yote mawili, kwa sababu lenzi moja inaweza kuteleza peke yake. Mwambie apepese mara mbili tatu, atazame juu, kisha upige tena. Ukiona nukta wazi, rudi nyuma nusu hatua badala ya kulainisha kwa programu. Ulainishaji unaondoa nukta pamoja na kope.

Karatasi haitoi mwanga kama kioo cha simu, kwa hiyo ngozi nyeusi na hazeli nzito hutoka zikiwa nzito zaidi zikichapwa. Chapa kwanza nakala moja ya sentimita 10 kwa 15 na uitazame mlangoni mchana. Kama duara la rangi limezama na kuwa jeusi, inua mwanga wa macho peke yake kidogo, acha ngozi ilivyo, ndipo uagize ile kubwa ya ukutani.